Taa za gari langu zilikuwa zinafika mita 30 tu

Biashara yangu ni mafuta ya alizeti. Nayachukua kwa wakamuaji wa Ikungi na Singida mjini, nayapeleka Dodoma kwa wateja wa jumla. Wakamuaji wengi humaliza kujaza madumu jioni, kwa hiyo siku ya mzigo huwa naondoka jua linazama au limeshazama. Anayeijua barabara ile anajua ilivyo usiku. Ukishaacha taa za maduka ya Ikungi, kinachokuangazia hadi Manyoni ni taa zako mwenyewe na za yule anayekuja mbele yako. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, hao wanaokuja mbele nao wameongezeka.

Gari langu la kwanza nililinunua mwaka 2021 kwa shilingi milioni 9.5, kigari kidogo cha Kijapani cha milango mitano. Nilikwenda yadi Dar es Salaam saa tano asubuhi pamoja na fundi. Tulisikiliza injini, tukaingiza gia zote, tukalala chini kuangalia kama linavuja oili, tukalinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi. Kwenye taa fundi alibonyeza swichi, zikawaka zote mbili, tukasogea mbele. Vioo vya taa vilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochujuka. Muuzaji akasema hiyo ni kazi ya polishi ya dakika kumi, nami nikaridhika. Ilikuwa jua kali, na kwenye jua kali taa yoyote inayowaka inaonekana nzima.

Baada ya miezi miwili niliongeza kosa jingine bila kujua kuwa ni kosa. Madumu 15 ya lita 20 yakiingia nyuma, gari lilikuwa linainama hadi bomba la moshi linakwangua matuta. Fundi akanishauri tuweke spesa kwenye springi za nyuma, akainua nyuma kwa sentimita 3. Mbele hakugusa. Gari likaacha kukwangua, nikampa hela yake tukaagana.

Ajali ilitokea mwezi wa sita mwaka 2022, saa mbili na nusu usiku, kati ya Issuna na Manyoni. Siku hiyo nilikuwa na madumu manane tu. Nilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Lori lilikuja mbele yangu, tukashusha taa wote wawili, tukapishana vizuri. Nikabaki na lile giza zito linalokuja baada ya kupishana, macho yakiwa bado hayajarudi, na taa zangu zikiwa bado kwenye dimu. Kitu cha kwanza kuingia kwenye mwanga kilikuwa soli mbili za kandambili. Zilikuwa nyeupe, zinaning'inia hewani, zinabembea. Ndipo nikaona miguu iliyokuwa ndani yake, kisha ubao, kisha tairi kuukuu la gari lililofungwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto wa kiume wa miaka kama kumi alikuwa amekaa nyuma ya mkokoteni, ametugeuzia uso sisi tuliokuwa tunakuja.

Nilikata usukani kulia. Namshukuru Mungu lori lilikuwa limeshapita. Kona yangu ya mbele kushoto iligonga kona ya mkokoteni, mtoto akaruka pembeni, mimi nikavuka barabara nikaishia kwenye mtaro wa upande wa pili. Mtoto alichubuka kiwiko na goti. Baba yake, mzee wa makamo, alimshika begani muda mrefu bila kusema neno. Nami nilikaa chini kwenye nyasi nikashindwa kusimama.

Taa ya kushoto, bampa, rejeta, kunyoosha bodi na rangi vilinigharimu shilingi 1,480,000. Mkokoteni nililipa 150,000. Madumu sita yalipasuka, mafuta yakanywewa na udongo. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba nikijaribu kukumbuka, sikumbuki kama nilikanyaga breki. Nilidhani nilizubaa. Kwa miezi kadhaa niliamini mimi ni dereva mbovu wa usiku, na kila safari mikono ilikuwa inatetemeka.

Kisha nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Nikaenda dukani nikanunua balbu za LED za shilingi 45,000, zile zenye feni ndogo nyuma, nikatoa balbu za kawaida za H4 nikapachika hizo. Usiku wa kwanza nilifurahi sana. Lami mbele ya boneti ilikuwa nyeupe kama uwanja wa mpira. Lakini madereva wa malori wakaanza kunipiga fulu, mmoja baada ya mwingine, ingawa nilikuwa kwenye dimu. Na jambo ambalo sikulielewa kwa wakati ule, mbali nilikuwa naona kidogo kuliko zamani.

Aliyenifumbua macho ni mjomba wangu, aliyeendesha malori ya mizigo kwenda Mwanza na Kigali kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipitia kwake Ikungi, nikamwamkia, akaangalia taa zangu zikiwaka uani akatikisa kichwa. "Mpwa wangu, umeongeza mwanga hujaongeza macho," akasema. "Njoo nalo ghalani."

Alinieleza kwanza habari ya zile balbu. Kile kikombe kinachong'aa ndani ya taa, mafundi wanakiita rifleta, kimechongwa kwa ajili ya kiwaya kidogo kinachowaka ndani ya balbu ya H4, mahali pale pale kilipo. Kiwaya kikikaa mahali pake, rifleta inaukusanya mwanga na kuutupa mbali, na kuuzuia usipande juu kwenye macho ya mtu. Ukiweka kitu kingine kinachowaka kwa umbo tofauti, mwanga unatapakaa. Mwingine unakwenda juu kwa dereva wa mbele, mwingi unamwagika chini karibu na bampa. Na huo unaomwagika karibu ndio unaodanganya, kwa sababu mboni ya jicho hujibana ikiona weupe mwingi karibu, halafu kule mbali kwenye giza jicho linakuwa kipofu. Tulizitoa palepale tukarudisha balbu za kawaida, na zile za LED ninazo kwenye droo mpaka leo.

Kisha akanifanyia kipimo ambacho natamani ningekijua siku ile ya yadi. Kinahitaji ukuta, sehemu tambarare, futi kamba na chaki. Tulijaza tairi upepo sawasawa, akanikalisha kwenye kiti cha dereva, gari likasogezwa hadi karibu na ukuta wa ghala. Akapima kutoka chini hadi katikati ya taa: sentimita 65. Akachora mstari wa chaki ukutani kwenye urefu huohuo. Halafu gari likarudishwa nyuma mpaka taa zikawa mita 10 kutoka ukutani, tukawasha dimu.

Taa ya dimu iliyo nzima huacha ukutani ukingo unaoonekana: juu giza, chini mwanga. Kwa nchi zetu tunaoendesha kushoto, ukingo huo unapaswa kupanda kidogo upande wa kushoto, ili uangaze ukingo wa barabara wanakopita watu na baiskeli, na ubaki chini upande wa kulia anakotoka mwenzako. Kwa mita 10, ukingo unatakiwa uwe chini ya mstari wa chaki kwa takriban sentimita 10. Wangu ulikuwa chini kwa sentimita 22.

Mjomba akachukua kijiti akachora mchangani. Mwanga unaoshuka sentimita 10 kila mita 10, ukianzia kwenye taa yenye kimo cha sentimita 65, unagusa lami mita 65 mbele. Unaoshuka sentimita 22 kila mita 10 unagusa lami mita 30 tu mbele, na baada ya hapo hakuna kitu. Na zile sentimita 12 za ziada zilitoka wapi? Akainama akaangalia springi za nyuma. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma gari langu lina kama mita 2.4. Ukiinua nyuma sentimita 3, pua inainama kwa kiasi kinachotosha kushusha mwanga kwa sentimita 12 na ushee kwenye kila mita 10. Yaani spesa zile ndizo zilizonikatia nusu ya barabara. Mzigo mzima wa madumu ungeikandamiza nyuma na kuurudisha mwanga juu, lakini siku ya ajali nilikuwa na madumu manane tu.

Hapo ndipo nilipoacha kujilaumu kwa kutokanyaga breki. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Mtu wa kawaida, kutoka kuona hatari hadi mguu kufika kwenye breki, hutumia kama sekunde moja na nusu, na katika muda huo gari limeshakula mita 33. Breki zenyewe kwenye lami kavu zinataka mita nyingine kama 36. Jumla ni karibu mita 70. Mimi nilikuwa naona mita 30. Zile kandambili zilipoingia kwenye mwanga wangu, hata kama ningekuwa macho kama paka, gari lingefika kwenye mkokoteni kabla mguu haujafika kwenye breki.

Kwa hesabu hiyohiyo, kwenye kilomita 60 unahitaji kama mita 45, na kwenye 100 unahitaji karibu mita 100. Angalia basi: hata dimu iliyopangwa vizuri kabisa, ya mita 65, haitoshi hata kwa 80. Kwa 100 haifai kabisa. Kwenye barabara isiyo na taa, fulu ndiyo taa ya kusafiria, na dimu ni ya kupishana tu. Siku hizi nikiona mtu anakuja nashusha taa na kushuka hadi 60 kwa pamoja, macho nayaweka kwenye mstari mweupe wa kushoto badala ya taa zake, na akipita tu mkono unarudisha fulu palepale. Usiku wa ajali nilichelewa kurudisha, na hilo ni kosa langu mwenyewe, haliwezi kusukumiwa taa.

Marekebisho ya mwelekeo yalifanywa na fundi umeme kwa shilingi 10,000. Nyuma ya kila taa kuna skrubu ya kupandisha na kushusha, akaizungusha taratibu huku mimi nikiangalia ukutani. Gari hilo pia lina kigurudumu kidogo kwenye dashibodi upande wa kulia wa usukani, kimeandikwa 0 hadi 5. Nilikuwa nimekaa nacho mwaka mzima nikidhani ni cha mwanga wa saa. Kazi yake ni kushusha taa unapobeba mzigo nyuma: 0 ni dereva peke yake, na kadiri mzigo unavyozidi namba inapanda. Chenyewe hakiwezi kupandisha zaidi ya 0, ndiyo maana kisingeweza kunisaidia kwenye tatizo la spesa. Lakini ukikiacha kwenye 3 au 4 huku gari likiwa tupu, unatembea kipofu bila sababu, na nimewakuta watu wengi wakiwa hivyo. Ukiweka spesa au ukibadili springi, rudi ukutani siku hiyohiyo.

Vioo vya rangi ya chai navyo tulivishughulikia. Ni plastiki inayoungua na jua baada ya ile ngozi yake ya kinga kuisha. Tulipiga msasa wa maji, wa 800, kisha 1500, kisha 2000, tukamaliza kwa polishi. Vikang'aa. Baada ya miezi mitano vikaanza kurudi ukungu, kwa kuwa polishi haitoi kinga ya jua. Inabidi upulizie vanishi maalumu juu yake au urudie kazi kila mara. Na hapo ndipo nilipogundua kuwa ndani nako kumeungua. Mchana, zima taa, mulika kwa tochi ya simu ndani ya kioo, uangalie rifleta juu ya balbu. Ikiwa inang'aa kama kioo cha kujitazamia, ni nzima. Yangu ilikuwa na doa la kijivu lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Hiyo hakuna msasa wala polishi inayoirudisha. Ni kubadili taa nzima.

Mwaka 2024 nikaamua kutafuta gari jingine, na safari hii taa ndizo zilizokuwa za kwanza kwenye karatasi yangu. Katika kusoma nikakutana na jambo lililonishangaza. Taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, IIHS, ilianza kupima taa za magari mwaka 2016, ikajaribu magari 31 ya ukubwa wa kati. Moja tu lilipata daraja la juu kabisa: Toyota Prius v. Hilo ndilo lile ambalo sisi tunaletewa kutoka Japani kwa jina la Prius Alpha. Lakini lilipata daraja hilo likiwa na taa za LED za toleo la bei kubwa. Gari hilohilo likiwa na taa za kawaida za halojeni liliangukia daraja la chini kabisa. Kwa hiyo nikaacha kuuliza "gari gani lina taa nzuri" nikaanza kuuliza "hili hapa limefungwa taa gani, na ziko katika hali gani".

Nilizunguka yadi tatu. Wauzaji wawili walikataa niangalie gari usiku, wakasema wanafunga saa kumi na mbili. Wa tatu alikubali nirudi saa moja usiku, nikaenda na mjomba, chaki na futi kamba. Tulipanga magari matatu mbele ya ukuta wa yadi, moja baada ya jingine.

La kwanza lilikuwa na LED za kiwandani, mwanga mzuri uliokatika ukutani kama umepigwa rula. Ila taa ya aina hiyo huwa imezibwa. Ikifa ndani, mara nyingi unanunua taa nzima. Niliulizia bei ya moja iliyotumika, nikaambiwa 900,000. Kwa barabara yangu, ambako mawe yanarushwa na malori kila safari, niliogopa.

La pili lilikuwa na kitu ambacho macho yangu peke yangu yasingekiona. Ukingo wa mwanga wa taa moja ulikuwa unapanda kulia badala ya kushoto. Mjomba alisema taa hiyo ni ya nchi wanazoendesha upande wa kulia, imepachikwa baada ya gari kugongwa mahali. Ingekuwa inampofusha kila anayekuja, na kuacha giza upande wa waenda kwa miguu. Pia ilitueleza kuwa gari lile lilishapata ajali, jambo ambalo muuzaji hakulitaja.

La tatu ndilo nililochukua, kwa milioni 21. Limenyanyuka kidogo, taa zake ziko sentimita 80 kutoka chini, na kwa mteremko uleule wa sentimita 10 kila mita 10, dimu yake inafika mita 80. Lina taa za zenoni ndani ya projekta, ile lenzi ya mviringo kama jicho la samaki, na balbu yake inabadilishwa peke yake. Zenoni ikichoka mwanga huanza kuelekea rangi ya waridi au zambarau, na tuliangalia hilo. Gari hili halina kigurudumu cha 0 hadi 5, linajipanga lenyewe: kuna kamkono kadogo kwenye ekseli ya nyuma kanakopima mzigo. Ukiwasha gari mbele ya ukuta, unaona mwanga unashuka kisha unapanda na kutulia. Usipotikisika kabisa, mwombe fundi aangalie kama kamkono kamevunjika, maana mashimo ya vijijini yanakavunja na muuzaji hatakwambia.

Kitu kimoja tulikaribia kukisahau, kioo cha mbele. Tuliliweka lile gari jingine mbele likituwakia taa, nikakaa kwa dereva. Mikwaruzo ya waipa ikawaka kama nywele nyeupe katikati ya macho yangu. Nikamwambia muuzaji sinunui mpaka kioo kibadilishwe, tukagawana gharama, kwangu ikaja 160,000. Tinti iliyokuwa juu ya kioo hicho nayo ikaondoka nacho.

Gari la zamani nililiuza miezi miwili baadaye. Mnunuzi wa kwanza, kijana wa Manyoni, alikuja saa nane mchana na hela yake mkononi. Nilimwomba arudi saa moja usiku. Alidhani namzungusha, lakini alirudi, nikampeleka ukutani, nikammulikia na rifleta kwa tochi ya simu, nikamweleza kuhusu spesa. Akapunguza shilingi 400,000 kwenye bei tuliyokuwa tumekubaliana, nikapokea. Wiki iliyofuata alinipigia kuniambia kuwa amepata taa zote mbili nzima, na kwamba alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa shule na kipande cha chaki, anataka kujua kama ni sentimita 10 au 12.

"Anzia 10," nikamwambia, "halafu kaa mwenyewe kwenye kiti cha dereva upime tena."